Barua kutoka Muheto kwenda kwa ndugu wa Minova

Muheto, usultani wa Bashali, teritwari ya Masisi. Komite ya parokia moja ya Kiprotestanti hapa imemaliza kuandika barua ya kurasa 2 kwa parokia ndugu iliyoko Minova, kule Kalehe, Kivu ya Kusini. Barua inaomba mambo mawili: parokia hizi mbili zianze kutembeleana, na ziwe na kazi moja ya kufanya pamoja. Kuisoma ni dakika tano tu. Kuiandika kulichukua karibu mwezi mzima, na karatasi ya kwanza ilichanwa.

Udugu huu haukuanzia kwenye biro. Mwanzoni mwa 2024, vita vilipokaribia Sake, watu wengi wa Masisi walishuka mpaka Bweremana na Minova. Wengine walilala mashuleni, wengine makanisani, wengine chini ya mahema. Wengi walipokelewa na wenyeji majumbani, familia mbili au tatu chini ya bati moja. Kati yao walikuwa waimbaji wa parokia hii ya Muheto, wamama wajane, na watoto waliokuwa wamepotezana na wazazi wao njiani. Baadaye wengine walirudi. Wengine wako Minova mpaka leo, na Muheto yenyewe imepokea wakimbizi wa vijiji vingine ambao hawajaona njia ya kurudi kwao.

Kwa hiyo mama katibu alipopewa kazi ya kuandika, alianza kama mtu yeyote angeanza. Aliandika shukrani, kisha mateso, kisha orodha ya mahitaji: mabati, vyombo vya muziki, nguo za watoto, feza ya dawa. Alisoma mbele ya komite, na wote wakanyamaza. Muzee mmoja wa kanisa akamuuliza kwa upole: «Mama, tukipokea barua hii sisi wenyewe, tutafanya nini nayo?» Mama akafikiri kidogo, akajibu kwamba wangeikunja na kuiweka mahali, kwa sababu hawana mabati. «Basi hata Minova hawana,» muzee akasema.

Muzee alikuwa ameona jambo ambalo barua nyingi za namna hii hazioni. Parokia ya Minova si shirika la msaada. Ni watu wanaolima, wanaovua, wanaouza samaki na makala, na waliomaliza akiba yao ya chakula wakilisha wageni. Kuwaandikia orodha ya mahitaji ni kuwapa aibu ya kukataa. Tena, anayeomba tu hujiweka chini, na yule mwingine hata asipopenda anajikuta amekuwa bwana. Baba pasta akaongeza mfano wa mbali kidogo. Kuna umoja wa makanisa wenye makao Wuppertal, Ujerumani, ambao kanisa la Wabatisti la CBCA lenye makao Goma ni mwanachama wake. Zamani ulikuwa shirika la wamisheni la Wajerumani: wao walituma, wengine walipokea. Mwaka 1996 ukageuzwa kuwa ushirika wa makanisa ya Afrika, Asia na Ujerumani, na tangu hapo Waafrika na Waasia wanakaa kwenye vikao vinavyoamua. «Kama wale wenye feza walifikia kuona hivyo,» baba pasta alisema, «sisi na Minova, ambao wote hatuna, tutaanzaje kwa kupandana mabega?»

Karatasi ikachanwa, na swali likageuzwa. Badala ya kuuliza Muheto inahitaji nini, komite ikauliza: ni kitu gani ambacho Minova wanacho na sisi tunakikosa, na ni kitu gani tulicho nacho ambacho wao wanakikosa, tena kitu kinachoweza kubebwa kwa pikipiki kupita bariere bila kunyang'anywa?

Jibu lilitoka kwa wamama, na lilichekesha wanaume: dende.

Dende, ambao wengine wanawaita kobaye au simbiliki, ni wale wanyama wadogo wasio na mkia wanaofugwa jikoni. Wanaume wengi huwaona kuwa mali ya watoto. Lakini katika vita ng'ombe huchukuliwa wa kwanza, mbuzi wa pili, kuku wa tatu, na dende mara nyingi husahauliwa. Siku ya kukimbia, mama anaweza kutia dende watano ndani ya kikapu na mtoto mgongoni. Wamama kadhaa wa Muheto walipokuwa wanarudi kutoka Minova, wenyeji wao waliwapa jike na dume wa kuanzia. Hao ndio waliozaa karibu dende wote walioko sasa katika nyumba za parokia.

Na hapo ndipo tatizo lilipo. Dume mmoja na jike mmoja wamezaa watoto, watoto wamezaliana wenyewe kwa wenyewe, kaka na dada, baba na binti. Wamama waliona dalili bila kuambiwa na daktari wa mifugo. Jike aliyekuwa akizaa watoto 3 au 4 sasa anazaa 1 au 2. Watoto wanazaliwa wadogo, wengine wanakufa siku ya kwanza. Waliokua hawafikii ukubwa wa bibi zao. Majani ni yale yale, jiko ni lile lile, ila damu imekuwa moja. Dawa yake haiuzwi dukani. Dawa ni dume wa damu nyingine, na dume huyo apatikane mahali ambako ukoo mwingine wa dende umekaa mbali. Minova nao, kwa mujibu wa jamaa waliobaki kule, wana shida hiyo hiyo katika nyumba kadhaa.

Basi kazi ya pamoja ikajulikana, na matembezi yakapata sababu. Watu hawatatembeleana kwa kuimba tu na kula. Watapeleka madume na kurudi na madume.

Mama katibu aliandika sehemu hii ya barua kwa uangalifu kuliko zote, na hesabu yake inafaa kusikilizwa na parokia nyingine zinazotaka kuiga. Kila upande utachagua nyumba 12. Kwa Muheto, 7 ni za waliorudi na 5 ni za wakimbizi wanaoishi kwa wenyeji. Minova wataombwa kufanya vivyo hivyo, na kuhesabu ndani yake jamaa wa Masisi waliobaki kule. Kila nyumba itaanza na majike 3 ya kwao na dume 1 kutoka upande wa pili. Mimba ya dende huchukua miezi 2 na siku kidogo, kwa hiyo jike anaweza kuzaa hata mara 4 kwa mwaka. Wamama hawakutaka kuhesabu kwa tamaa. Walihesabu mara 3, na watoto 2 wanaopona kila mara. Majike 3 mara 3 mara 2 ni watoto 18 katika nyumba moja kwa mwaka. Kati yao majike 3 yatakwenda kwa nyumba mpya ambayo haijapata, na dume 1 mzuri atawekwa kwa ajili ya safari inayofuata. Wanaobaki 14 ni vya nyumba yenyewe, kula au kuuza kwa daftari za shule.

Halafu barua inataja masharti ya kufuga, kwa sababu mwaka uliopita nyumba nyingine zilipoteza dende wote kwa mambo ya kuzuilika. Madume watengwe na mama yao na dada zao wakifika majuma 3, maana kobaye hukomaa upesi sana, na jike mdogo anaweza kushika mimba akiwa na umri wa mwezi mmoja tu, kabla mwili wake haujawa tayari. Majani yenye umande yasipewe asubuhi yakiwa mabichi hivyo. Yaanikwe kwanza mpaka yanyauke, la sivyo tumbo linajaa hewa na mnyama anakufa usiku. Hata hivyo wasilishwe vitu vikavu peke yake, kwani dende, kama mtu, hawezi kujitengenezea vitamini C, na akikosa majani mabichi kwa majuma machache anavimba viungo na kudhoofika. Majani ya viazi vitamu ni chakula kizuri. Majani ya viazi vile vya kawaida vya Masisi ni sumu kwao. Hili lilibidi kuandikwa waziwazi, maana Masisi ni nchi ya viazi na mtoto anayetumwa kukata majani hukata yaliyo karibu.

Muzee mmoja aliuliza kama ni heshima kuandika mambo ya majani katika barua ya kanisa. Mama katibu akamjibu: «Muzee, ukipenda tuyatoe, lakini dende watakufa kwa heshima.» Yakabaki.

Kilichobaki kilikuwa safari yenyewe. Hapa komite ilichukua jioni mbili nzima, kwa sababu mgeni ni mzigo hata akipendwa. Mawazo ya kwanza yalikuwa kutuma kwaya yote, watu 30 na zaidi. Vijana walitaka hivyo sana. Lakini mama mmoja aliyekaa Minova miezi mingi akawaeleza hali ya kule: nyumba aliyolala ilikuwa na watu 17, na mwenye nyumba alikuwa anaamka usiku kwenda kuvua ili wapate kitoweo. Kuwapelekea watu kama hao kwaya ya watu 30 ni kuwaingiza katika deni. Barua sasa inataja watu 8: wamama 4 wanaofuga, vijana 2, muzee 1, na mkimbizi 1 anayeishi Muheto, ili wakimbizi wasizungumziwe bila wao kuwepo. Watalala usiku 3, si zaidi.

Chakula kilileta mabishano. Watu 8 kwa siku 3 ni sahani 24 kwa kila mlo. Vijana walisema wageni wabebe unga na maharagi yao. Wazee walikataa wakasema mgeni anayepika chakula chake mwenyewe katika nyumba ya mtu anamtukana mwenye nyumba. Mwisho wakakubaliana jambo la kati ambalo watu wa hapa wanalielewa vizuri: wageni watafika na kilo 10 za maharagi mapya na kuwapa wamama wa Minova jioni ya kwanza kama kado ya shamba, bila kupima na bila kutaja matumizi. Maharagi hayo yanatosha sahani zote za wageni, na yanabaki. Kila mtu atajua, na hakuna atakayesema. Barua yenyewe inasema tu kwamba wageni «hawatafika mikono mitupu».

Kuna sentensi nyingine ambayo baba pasta aliitaka yeye mwenyewe, ingawa inamnyima kitu. Inaomba Minova wasifanye matoleo maalumu ya Jumapili kwa ajili ya wageni. Desturi ya kuwasimamisha wageni mbele na kupitisha kikapu ni nzuri mahali penye amani. Mahali ambapo mama ana franga 500 za chumvi tu, kikapu hicho kinamlazimisha achague kati ya chumvi na aibu.

Muda wa safari ulitazamwa kwa kalenda ya shamba. Mwezi wa tisa na mwezi wa pili watu wanapanda. Kuondoa wamama wanne shambani wakati huo ni kuwanyima mavuno. Muheto inapendekeza kushuka Minova katika mwezi wa saba, maharagi yakiwa yamevunwa na njia zikiwa kavu, na Minova wapande Muheto katika mwezi wa kwanza, baada ya mavuno ya msimu mwingine. Yaani miezi 6 kati ya safari na safari, muda ambao unatosha kwa madume waliozaliwa baada ya safari ya kwanza kukomaa kwa ajili ya safari ya pili.

Njia ya kubeba dende nayo imeandikwa. Madume waliokomaa wakiwekwa pamoja hupigana mpaka kuumizana, kwa hiyo kikapu kitagawanywa kwa vipande vya karito, kila dume mahali pake, na majani makavu chini. Maji humwagika njiani. Badala yake watapewa lengalenga au kipande cha kiazi kitamu. Wakifika, wasichanganywe na wengine siku hiyo. Watakaa peke yao majuma 2, na yule atakayekohoa, kuhara au kuwa na upele asiingizwe kwa majike. Kila dume ataandikwa katika daftari kwa rangi yake na jina la nyumba alikotoka: mweusi mwenye paji jeupe, mwekundu wa mgongo mweusi. Daftari hilo ndilo litakalozuia, baada ya safari tatu au nne, dume kurudishwa kwa wajukuu wake bila mtu kujua.

Sasa feza. Barua nyingi za udugu huharibika hapa, hata pale ambapo watu wanapendana. Parokia ya Muheto tayari ina MUSO ya wamama, yale makundi ya akiba yanayojulikana kote Kivu kwa visanduku vyake vitatu. Kisanduku cha kijani ni cha akiba na mikopo ya wanachama. Chekundu ni cha kusaidiana katika ugonjwa, msiba au mbio za vita, na kilichotoka humo hakirudi. Cha buluu ni cha feza inayotoka nje ya kundi. Kosa linalofanyika mara kwa mara ni feza ya nje kuingizwa katika chekundu au kijani. Inaliwa kama zawadi, na wanachama wanaacha kuweka akiba kwa sababu wanasubiri zawadi nyingine.

Kwa hiyo barua inapendekeza hivi: kila upande utalipa safari yake wenyewe kutoka kisanduku chake. Ikiwa Minova wataweka kitu kwa Muheto, au Muheto kwa Minova, kitaingia katika buluu, kitaandikwa, kitakopeshwa kwa ajili ya vibanda vya dende na si kitu kingine, na kitarudi kabla ya safari inayofuata. Tena pasta wa upande wowote hatashika feza hiyo. Muzee aliyechana karatasi ya kwanza ndiye aliyeleta sababu, na aliitoa kwa Mtume Paulo. Paulo alipokusanya msaada wa makanisa kwa ajili ya Yerusalemu, aliwaandikia Wakorinto wachague wao wenyewe watu wanaowaamini wa kuupeleka, na katika barua ya pili akaeleza kwamba hakutaka mtu apate la kumlaumu juu ya feza ile. «Kama Paulo alijilinda,» muzee alisema akimtazama baba pasta huku anacheka, «na wewe ujilinde.» Baba pasta akacheka pia, na akaandika.

Yaliyoachwa nje ya barua ni muhimu sawa na yaliyomo. Rasimu ya pili ilikuwa na majina ya watu wote 8, namba zao za telefoni, siku ya kuondoka na majina ya familia za Muheto zilizobaki Minova. Kijana mmoja anayeendesha pikipiki alisoma, akaomba yote yafutwe. Barua hii, alieleza, itafunguliwa kwenye bariere, labda zaidi ya mara moja, na na watu wasiopatana wao kwa wao. Karatasi yenye orodha ya majina na tarehe, inayotoka eneo moja kwenda eneo lingine, inaweza kusomwa kama kazi ya upelelezi. Mwenye kuibeba atateseka, na walioandikwa humo wanaweza kutafutwa.

Sasa barua inataja mwezi tu, hesabu ya watu tu, na nyumba tu bila majina. Majina yatasemwa kwa mdomo na mjumbe atakayekabidhi. Daftari la rangi za dende halitasafiri. Kila upande utabaki na lake. Wala hakutapigwa picha za wageni kutumwa kwenye telefoni mpaka wote wawe wamerudi nyumbani. Kwa familia za wakimbizi zinazosikiliza habari hii, hili ni la kushika hata nje ya mambo ya kanisa: salamu ya mdomo inatosha kwa majina, karatasi ibebe mambo yasiyoweza kumdhuru mtu.

Kinyume chake, jambo lililoongezwa mwishoni ni sentensi tatu juu ya njia kufungwa. Mtu yeyote wa Masisi anajua kwamba mpango wa mwezi wa saba unaweza kuvunjwa na risasi za mwezi wa sita. Barua inasema kwamba njia ikifungwa, hakuna upande utakaouliza mwingine kwa nini hakuja, na hakuna deni la matembezi litakalohesabiwa. Madume waliowekwa wauzwe au waliwe, wasifichwe mpaka wazeeke. Na ikiwa watu wa Muheto watakimbia tena, au watu wa Minova, nyumba 12 za upande wenye utulivu zitatoa majike 3 kila moja kwa wale waliofika bila kitu. Ni dende 36 ambao hawahitaji shirika, lori wala ruhusa. Wengine katika komite waliona si vizuri kuandika habari za kukimbia katika barua ya furaha. Mama yule aliyelala nyumba ya watu 17 alisema bila sehemu hiyo yeye hatatia sahihi, na hakuna aliyebishana naye.

Mwisho, umbo la barua. Hapa kwetu barua bila muhuri inasomwa kama uvumi, kwa hiyo ilipewa namba, tarehe, na mstari wa lengo usemao «Kutembeleana na kubadilishana mifugo midogo kati ya parokia zetu». Ilipitia kwa mchungaji msimamizi kwanza, kwa sababu parokia haiwezi kuandikia parokia ya mkoa mwingine kwa kumruka mkubwa wake. Nakala moja ilikwenda kwa chifu wa grupema, ili siku wageni wa Minova watakapoonekana Muheto asiwaulize wametumwa na nani. Iliandikwa kwa Kiswahili, si Kifaransa, ingawa mwalimu mmoja alijitolea kutafsiri. Wamama wa Minova ndio watakaofuga, na barua isomwe kanisani wakiisikia wenyewe. Mahali pa jibu paliachwa wazi: Minova wanaombwa kubadilisha hesabu, mwezi, hata mnyama, kama wanaona sungura au kitu kingine kinafaa kuliko dende. Kitu kimoja tu kinaombwa kwa haraka, nacho ni kujua kama wako tayari kukutana kwanza watu 2 kwa 2, Sake, siku ya soko, kabla ya safari yoyote kubwa.

Sahihi ziko 5: baba pasta, mama katibu, muzee mmoja, mwakilishi wa vijana, na mama mkimbizi ambaye hajui kuandika na aliyeweka kidole gumba kwenye wino. Nakala zilitolewa mbili. Moja imebebwa na mchuuzi wa maharagi anayeshuka Sake kila juma, ndani ya plastiki, chini ya magunia. Nyingine inasubiri kuondoka na mtu mwingine baada ya siku 10, ikiwa ya kwanza haitaleta habari. Wakati huo huo wamama wameanza kutenga madume wadogo, kwani wale wa majuma 3 hawasubiri barua ijibiwe.